Kwa nini add haigusi memori: prosesa za lodi na stoo, na pigo linalopotea katikati

Ukianza kuandika asembli ya RISC-V, hasa kama ulitokea upande wa x86, kuna siku utaandika mstari kama huu afu asembla itakugomea:

```
add t0, t0, 0(a0)
```

Itakujibu `illegal operands` na basi, haikuelezi zaidi. Ulichotaka kinaeleweka kabisa: kachukue namba iliyoko memori kwenye anwani iliyomo ndani ya a0, ijumlishe na t0, jibu libaki t0. Lakini kwenye prosesa za aina hii kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kulinganisha, kusogeza biti, vyote vinafanyika kati ya rejista na rejista, au rejista na namba ndogo iliyoandikwa ndani ya amri yenyewe. Memori ina amri zake pekee, `lw` ya kuleta namba kwenye rejista na `sw` ya kuirudisha memori (na ndugu zao za baiti moja na baiti mbili), na hizo nazo hazijumlishi data yako, zinabeba tu. Ndo maana zinaitwa prosesa za lodi na stoo. RISC-V ni hivyo, MIPS ni hivyo, ARM iliyoko kwenye simu yako ni hivyo pia. x86 siyo hivyo, ukimwandikia ajumlishe moja kwa moja kwenye memori anakubali bila kelele.

Wengi wanaambiwa "ni ili iwe rahisi" wanaachwa hapo. Rahisi kwa nani sasa, maana kwa anayeandika asembli kwa mkono imekuwa ngumu zaidi. Ngoja tuchukue kitu kimoja cha kweli tukifuate mpaka chini.

Chukua ESP32-C3, ile chipu ya bei nafuu yenye prosesa ya RISC-V ya biti 32, umeifunga na sensa ya mtiririko wa maji aina ya YF-S201. Sensa ile ina kapangaboi kadogo ndani, maji yakipita kanazunguka na kutoa mapigo ya umeme, takriban mapigo 450 kwa lita moja. Kila pigo linaleta intarapti, yaani prosesa inaacha kidogo inachofanya na kukimbilia kipande cha programu kinachoitwa hendla, na hendla inaongeza moja kwenye variabo inayoitwa `mapigo`, na programu kuu ikiona yamefika 450 inahesabu lita moja na kupunguza:

```c
volatile uint32_t mapigo;

if (mapigo >= 450) {
    mapigo -= 450;
    lita++;
}
```

Huo mstari wa `mapigo -= 450` kwenye x86 unaweza kuwa amri moja tu:

```
sub dword ptr [rip + mapigo], 450
```

Kwenye RISC-V unakuwa hivi:

```
lui   a4, %hi(mapigo)
lw    a5, %lo(mapigo)(a4)
addi  a5, a5, -450
sw    a5, %lo(mapigo)(a4)
```

Amri nne. Ya kwanza inatengeneza sehemu ya juu ya anwani, ya pili inaleta namba, ya tatu inapunguza (RISC-V haina amri ya kutoa namba ya papo hapo, unajumlisha hasi tu na maisha yanaendelea), ya nne inarudisha. Swali ni nani alifaidika na huu urefu.

Anza na jinsi amri inavyoandikwa. Kwenye RISC-V ya kawaida kila amri ina biti 32, haizidi haipungui. Rejista ziko 32, kwa hiyo kutaja rejista moja kunakula biti 5. Amri ya `add` inataja tatu, ya kupokea jibu na mbili za kutoa namba, jumla biti 15. Opkodi, yaani namba inayotaja aina ya amri, inakula 7, na zinazobaki 10 zinatumika kusema hasa ni hesabu gani, kujumlisha au kutoa au kusogeza na kadhalika. 15 na 7 na 10 ni 32, nafasi imeisha. `lw` nayo inataja rejista mbili, ya kupokea na yenye anwani ya msingi, hapo ni 10, opkodi 7, biti 3 za kusema ni baiti ngapi zinaletwa, na 12 zilizobaki ni za ofuseti, yaani umbali kutoka kwenye ile anwani ya msingi. Tena 32.

Sasa jaribu kutengeneza ile `add t0, t0, 0(a0)` uliyoitamani. Rejista ya jibu 5, rejista ya namba ya kwanza 5, rejista ya msingi 5, ofuseti 12, opkodi 7. Tayari ni 34 na bado hujasema ni hesabu gani kati ya zote. Ukitaka kutaja anwani nzima ya memori ndo kabisa, anwani yenyewe ni biti 32, inameza amri yote. Ndo sababu pale juu tulihitaji `lui`: inabeba biti 20 za juu za anwani, na `lw` inabeba 12 za chini kwenye ofuseti yake, zikikutana zinakuwa 32. Na ndo sababu -450 imeingia kwenye `addi` bila shida, kwa sababu biti 12 zinabeba kuanzia -2048 mpaka 2047. Ungekuwa na sensa ya mapigo 3000 kwa lita, ile `addi` isingetosha, kompaila ingebidi atumie amri zaidi ya moja.

Mtu atasema basi si waruhusu amri ziwe ndefu. x86 ndo hivyo, ile `sub` yetu ni baiti 10, na amri zake zinaweza kuanzia baiti 1 mpaka 15. Inawezekana, ila hapo prosesa haijui amri inayofuata inaanzia wapi mpaka aichunguze hii ya sasa kwanza. Ukitaka kusoma amri nne kwa mkupuo, kwenye RISC-V isiyo na amri fupi unajua zinaanzia baiti ya 0, 4, 8 na 12, kwenye x86 inabidi ukisie au uweke hadiwea ya ziada ya kutafuta mipaka. Inafanyika, ila inakula nafasi ya chipu na umeme, na kwenye kichipu cha kufungia sensa ya maji hiyo siyo gharama ya kuichezea.

Lakini biti za amri siyo sababu nzito kuliko zote. Nzito ni paipulaini, hapo ndo panahitaji utulivu kidogo.

Prosesa haifanyi amri moja mpaka iishe ndo ichukue nyingine. Kazi ya amri moja inagawanywa kwenye vituo, na kila kituo kinashughulikia amri tofauti kwa wakati mmoja. Mpangilio unaofundishwa sana ni wa vituo vitano: cha kwanza kinachota amri kutoka memori, cha pili kinaitafsiri na kusoma rejista zilizotajwa, cha tatu ni ALU yaani mahali hesabu inapofanyika, cha nne ni memori ya data, cha tano ni kuandika jibu kwenye rejista. (ESP32-C3 ina vituo vinne, ila mantiki ni ileile.)

Angalia `lw a5, 8(a4)` inavyopita. Inachotwa, rejista a4 inasomwa, ikifika ALU inajumlisha a4 na 8 ili kupata anwani kamili, ikifika kituo cha memori inaleta namba kutoka kwenye hiyo anwani, afu mwisho namba inaandikwa a5. Umeona, ALU imetumika, ila kwa kutengeneza anwani. Sasa `add a5, a5, a3`: inachotwa, a5 na a3 zinasomwa, ALU inajumlisha, kituo cha memori inapita tu haina kazi pale, mwisho inaandika. Kila amri inapita ALU mara moja na memori isizidi mara moja, na kwa mpangilio uleule. Hata `sw` ni hivyo, ALU inatengeneza anwani, memori inapokea namba, kituo cha mwisho haina cha kuandika.

Sasa ingiza ile amri unayoitaka, `add t0, t0, 0(a0)`. Inahitaji ALU kutengeneza anwani, halafu memori, halafu irudi tena ALU kujumlisha. Lakini ALU iko nyuma yake na saa hizi ina amri nyingine iliyokuja kwa foleni. Ama uisimamishe foleni nzima kila amri ya namna hii ikija, ama uweke ALU ya pili baada ya memori. Na ile `sub` ya x86 inayosoma, inapunguza na kurudisha ni balaa zaidi, inahitaji anwani, memori, hesabu, afu memori tena. Kwa hiyo siyo kwamba wabunifu walishindwa. Intel kwenye 80486 ya mwaka 1989 waliiweka x86 kwenye paipulaini ya vituo vitano, ila walitenga kituo kizima kabla ya ALU kwa ajili ya kutengeneza anwani tu. Wakalipa upande mwingine: kama amri iliyotangulia ndo kwanza inabadilisha rejista yenye anwani, inayofuata inabidi isubiri kwa sababu anwani inahitajika mapema kabla ya jibu kutoka ALU. Gharama ukiifukuza mlangoni inaingilia dirishani.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalitaji sana, nalo ni nini kinatokea memori ikigoma katikati ya amri. Kwenye mashine yenye memori pepe, ukurasa unaoutaka unaweza usiwepo kwenye RAM, mfumo endeshi unaingilia, unauleta kutoka diski, halafu amri yako inarudiwa upya. VAX, mashine ya kampuni ya DEC iliyotoka mwaka 1977, ilikuwa na amri kama hii:

```
ADDL3 (R1)+, (R2)+, (R3)+
```

Maana yake chukua namba kwenye anwani ya R1 afu isogeze R1 mbele baiti 4, chukua ya R2 nayo isogeze, jumlisha, weka jibu kwenye anwani ya R3, isogeze nayo. Yote hiyo ni baiti 4 za amri, inapendeza kweli kuiandika. Lakini kurasa za VAX zilikuwa baiti 512, na namba ya baiti 4 ambayo haijapangwa vizuri inaweza kukaa nusu ukurasa huu nusu ule. Namba tatu, kurasa sita. Amri yenyewe nayo inaweza kukatika katikati ya kurasa mbili, jumla nane, na wowote kati ya hizo unaweza kugoma. Ukigoma wa mwisho, R1 na R2 tayari zimesogea, ukiirudia amri kuanzia mwanzo utasoma namba zisizo zenyewe, kwa hiyo hadiwea ilibidi ikumbuke imeshafanya nini ili irudishe nyuma kabla ya kurudia. `lw` haina hayo mambo. Inagusa memori mara moja, na kabla ya kufanikiwa haijabadilisha chochote, ikigoma unairudia kama vile haikuwahi kuanza.

Wazo lenyewe siyo la juzi. CDC 6600 aliyoibuni Seymour Cray, iliyotoka 1964, tayari ilikuwa inafanya hesabu kwenye rejista tu, na kuleta namba kutoka memori kulifanyika kwa kuandika anwani kwenye rejista maalumu za A: ukiandika A1 mpaka A5 namba inaletwa kwenye X yenye namba hiyohiyo, ukiandika A6 au A7 inapelekwa memori. Baadaye ikaja IBM 801 ya akina John Cocke miaka ya 70, halafu miaka ya 80 Berkeley na Stanford, ARM ya kwanza ikawaka Cambridge Aprili 1985, na RISC-V ikaanza Berkeley 2010.

Mpaka hapa utaona faida zote ni za anayetengeneza chipu. Ya mwandishi wa programu, au tuseme ya kompaila, iko kwenye kutenganisha kwenyewe. Ukishaiweka lodi kuwa amri inayojitegemea, unaweza kuisogeza. Tazama lupu ya kujumlisha namba zilizopangwa memori, a0 ni anwani ya namba ya sasa, a1 ni mwisho:

```
li   t0, 0
lupu:
lw   t1, 0(a0)
add  t0, t0, t1
addi a0, a0, 4
bne  a0, a1, lupu
```

Hapa kuna tatizo dogo. `lw` inapata namba mwisho wa kituo cha nne, ila `add` inayoifuata mara moja inaitaka t1 mwanzoni mwa kituo cha tatu, na wakati huo namba bado haijatoka memori. Hata ukiweka njia ya mkato ya kupitisha jibu kabla halijaandikwa kwenye rejista, huwezi kupitisha kitu ambacho hakijafika. Prosesa inasimama mzunguko mmoja wa kloki. MIPS za mwanzo hata hazikusimama, sheria ilikuwa usiitumie hiyo rejista kwenye amri inayofuata lodi, ukiitumia hakuna uhakika utapata namba mpya, na kompaila asipopata cha kuweka pale anaweka `nop`. Lakini angalia, `addi a0, a0, 4` haihitaji t1 kabisa. Ipandishe juu:

```
lupu:
lw   t1, 0(a0)
addi a0, a0, 4
add  t0, t0, t1
bne  a0, a1, lupu
```

Amri ni zilezile nne, jibu ni lilelile, ila sasa wakati memori inaleta namba prosesa inasogeza a0, na `add` ikifika t1 iko tayari. Tukiacha gharama ya kuruka kurudi juu, kila duru imetoka mizunguko 5 ikawa 4, kwa namba 1000 umeokoa mizunguko 1000 kwa kuhamisha mstari mmoja. Kwenye prosesa kubwa ambako hata namba iliyoko kwenye kashe ya karibu inachukua mizunguko 4 au 5, na ya kwenye RAM inachukua mamia, hii ya kuanzisha lodi mapema na kufanya mengine wakati unasubiri ndo mchezo mzima. Lodi ikiwa imefichwa ndani ya `add`, kompaila hana cha kusogeza, vinakwenda pamoja.

Na angalia t0 pia. Jumla imekaa kwenye rejista lupu nzima, itakwenda memori mara moja tu mwisho. Hapo ndo ile hesabu ya "amri nne dhidi ya moja" inapopotosha watu. Ni kweli kwa mstari mmoja uliosimama peke yake, programu ya RISC-V inakuwa ndefu, `mapigo -= 450` ni baiti 16 dhidi ya 10, na ndo maana kuna nyongeza ya RISC-V inayoitwa C yenye amri fupi za biti 16 ili kupunguza unene. Lakini kazi nyingi siyo kuleta kimoja, kukigusa, kukirudisha. Ni kuleta, kukitumia mara kumi, halafu kurudisha, na ukiwa na rejista 32 hizo safari za memori zinapungua zenyewe.

x86 yenyewe kwa ndani ilishakubali yaishe. Tangu Pentium Pro ya 1995, ile `sub` ya kwenye memori ikiingia inavunjwa kuwa vioperesheni vidogo, kimoja kinaleta, kimoja kinapunguza, viwili vinashughulikia kurudisha, na hivyo ndo vinavyopangwa na kutekelezwa. Anayeandika haoni, ila chini ni lodi na stoo.

Sasa turudi kwenye maji, kwa sababu huu mpangilio una mtego wake na ile programu yetu iko ndani ya mtego tayari.

Intarapti inaingia kati ya amri na amri. Kwenye `mapigo -= 450` kuna nafasi kati ya `lw` na `addi`, na nyingine kati ya `addi` na `sw`. Sema mapigo yamefika 460 kwa sababu programu ilikuwa inaandika kitu kwenye skrini ikachelewa. Programu kuu inafanya `lw`, a5 ina 460. Hapohapo pigo linaingia. Hendla inahifadhi rejista, inafanya `lw` yake inapata 460, inaongeza moja, `sw` 461, inarudisha rejista kama zilivyokuwa, inaondoka. Programu kuu haijui chochote, a5 yake bado ni 460, inatoa 450 inapata 10, `sw` 10. Jibu sahihi lilikuwa 11. Pigo limepotea, hakuna kosa lililoripotiwa, hakuna kitu kilichogoma.

Na `volatile` haisaidii hapa, watu wengi wanadhani inasaidia. `volatile` inamwambia kompaila asibaki na nakala kwenye rejista, kila mara aende memori kweli. Ameenda kweli, `lw` ipo na `sw` ipo. Haimwambii kwamba zile mbili ni kitu kimoja kisichokatika. Kwenye x86 yenye kiini kimoja ile `sub` ingekuokoa maana intarapti haikati amri katikati, ila ukiwa na viini viwili hata x86 inapoteza usipoweka `lock` mbele.

Ubaya wa hili kosa ni uhaba wake. C3 ikienda kwa 160 MHz, mzunguko ni nanosekunde 6.25, dirisha la hatari ni kama mizunguko miwili hivi, nanosekunde 12.5. Maji yakienda lita 20 kwa dakika unapata mapigo 150 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 6.7. Hata tukichukulia pigo linaangukia popote kwa bahati, ni kama mara moja kati ya kupunguza mara laki tano. Utajaribu wiki nzima hutaliona. Lakini chukua programu hiyohiyo uifunge kwenye enkoda ya mota inayotoa mapigo 20,000 kwa sekunde, sasa ni kama mara moja kati ya 4,000, na mota yako inaanza kupotea nafasi taratibu, unalaumu mkanda, unalaumu waya. Ukitaka kujua kama una hili kosa usisubiri litokee, fanya programu kuu iwe na lupu kavu isiyofanya kitu zaidi ya `hesabu++` mara milioni kadhaa, `hesabu` ikiwa `volatile`, huku intarapti ya taima nayo inaongeza variabo hiyohiyo, na hendla iwe na variabo yake ya pembeni ambayo ni yeye tu anaiandika. Mwisho linganisha. `hesabu` ikiwa ndogo kuliko mara za lupu ukijumlisha na ile ya pembeni, umeshaona kwa macho, na kwenye lupu fupi kiasi hicho tofauti inakuwa kubwa kwa sababu sehemu nzuri ya muda wote iko ndani ya dirisha.

Dawa ya kwanza ni kufunga intarapti kwa muda wa zile amri tatu:

```
csrrci t0, mstatus, 8
lw     a5, 0(a0)
addi   a5, a5, -450
sw     a5, 0(a0)
andi   t0, t0, 8
csrs   mstatus, t0
```

Mstari wa kwanza unazima biti ya kuruhusu intarapti huku ukihifadhi ilivyokuwa, miwili ya mwisho inaiwasha tu kama ilikuwa imewaka tangu mwanzo. Pigo likija katikati halipotei, linasubiri mlangoni.

Ya pili ni nyongeza ya A ya RISC-V, ambayo ndani yake kuna amri inayovunja sheria yote tuliyoieleza, inasoma memori, inajumlisha na kuandika, vyote kwa mkupuo mmoja usiokatika:

```
li        t1, -450
amoadd.w  zero, t1, (a0)
```

Angalia kwamba haina ofuseti, ni `(a0)` tupu, biti za ofuseti zimekwenda kwenye matumizi mengine. ESP32-C6 inayo hiyo nyongeza, C3 haina, kwa hiyo kwenye C3 hii dawa haipo.

Ya tatu ndo naipenda kuliko zote maana haihitaji hadiwea wala kufunga chochote. Hendla peke yake ndo aandike `mapigo`, programu kuu isome tu na ikumbuke ilipoishia:

```c
uint32_t sasa = mapigo;
if (sasa - mwisho >= 450) {
    mwisho += 450;
    lita++;
}
```

`mapigo` inaongezeka milele, ikijaa inarudi sifuri, na kwa kuwa ni namba isiyo na hasi ile tofauti `sasa - mwisho` inabaki sahihi hata ikishazunguka. Programu kuu inagusa `mapigo` kwa `lw` moja, haina `sw`, kwa hiyo hakuna dirisha la mtu kuingia katikati. Ila usije ukaibadilisha kuwa `uint64_t` ukidhani unajiongezea usalama, kwenye prosesa ya biti 32 hiyo inasomwa kwa `lw` mbili, nusu ya chini na nusu ya juu, na pigo likiingia kati yake wakati nusu ya chini inarudi sifuri utasoma nusu moja ya zamani na nyingine mpya.